Usingizi wa Mlinda Shamba

Kazi yetu Ndera ilikuwa kuandaa dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 ya kupima sonona. Kila swali huuliza hali ya mtu kwa wiki 2 zilizopita, na jibu hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, kwa kawaida mtu hupelekwa kuchunguzwa zaidi.

Tulifuata utaratibu. Mmoja alitafsiri kwa Kiswahili, kisha mwingine ambaye hakuwahi kuliona dodoso la asili akayarudisha maswali kwa Kiingereza. Tukaziweka karatasi mbili kando kwa kando. Swali la usingizi lilirudi bila kasoro, na chaguo la majibu, “zaidi ya nusu ya siku”, nalo likarudi vizuri. Ilikuwa rahisi kufunga kazi hapo, na nimewaona wengi wakifunga.

Tulipokaa na wenyeji, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, kila mtu alijibu kisha tukamuuliza: “Ulikuwa ukifikiria nini ulipochagua hilo?” Mama mmoja alichagua zaidi ya nusu ya siku kwa sababu uchovu humshika tangu asubuhi hadi alasiri. Alikuwa akihesabu saa, si siku, na Kiswahili chetu kilimruhusu. Tukaandika “siku 8 au zaidi kati ya hizo 14”.

Usingizi ulitusumbua zaidi. Mzee mmoja alisema halali karibu kila siku, yaani 3. Kwa nini? “Mahindi yamekomaa, mwanangu. Nikilala, viboko watamaliza shamba.” Usiku kucha yuko juu ya dungu, anapiga debe. Mchana amechoka: 3 nyingine. Hamu ya kula imepotea kwa uchovu huo huo, 2. Tayari ana 8, na huzuni hajaitaja. Tena alipoulizwa kama bado anafurahia mambo yake, alitueleza bei ya mahindi huku akicheka. Akikosa umakini siku nyingi kwa kusinzia, apate 2 tu, anafika 10.

Tafsiri rejeshi haiwezi kulinasa jambo hili, kwani hupima kama maneno yamesafiri salama, haiulizi msikilizaji analala wapi. Tukaongeza maneno haya: “hata unapopata nafasi ya kulala”. Mzee akasikiliza, akabadilisha jibu kuwa 0. “Nikipata mkeka tu, naondoka.”

Hapo wenzangu wawili hawakuridhika, na hoja yao ina uzito. Swali likibadilishwa, kikomo cha 10 kilichopatikana kwa maneno ya awali hakihamii lenyewe. Lazima watu wajibu dodoso jipya, kisha mtaalamu asiyejua alama zao awahoji ana kwa ana, ndipo majibu yalinganishwe. Inafaa baadhi yao wahojiwe msimu wa kulinda mashamba, na wengine baada ya mavuno.