Asante kwa Lipi?

Sentensi inayopatikana katika barua nyingi za shukrani ambazo sisi wanafunzi huwaandikia walimu wetu ni hii: «Ninakushukuru kwa msaada wako mkubwa na usio na kifani.» Sarufi yake ni safi, na heshima imo. Lakini mwalimu akimaliza kuisoma hajui bado ni msaada upi. Kama mwaka huu amesoma memwari nane na kuandika barua tano za mapendekezo, sentensi hiyo ingeweza kutoka kwa yeyote kati ya wale aliowasaidia.

Nimeanza kuifikiria sentensi hii kwa sababu ya mdogo wetu mmoja wa kitivo ambaye alitaka tuisome pamoja barua pepe yake kabla ya kuituma. Alikuwa ameomba ufadhili wa masomo, na mwalimu anayeongoza memwari yake alimwandikia barua ya mapendekezo. Jibu lilikuwa limefika: hakuchaguliwa. «Yaya,» aliniuliza, «sasa nitamshukuru kwa nini, na sikupata kitu?» Hata hivyo rasimu alikuwa nayo:

«Mama Profesa, ninapenda kutumia nafasi hii kukushukuru kwa dhati kwa msaada wako mkubwa na usio na kifani. Bila wewe nisingefika hapa nilipo. Umekuwa mwanga katika maisha yangu. Asante kwa maneno mazuri uliyoniandikia. Asante kwa yote. Mungu akubariki.»

Jambo la kwanza tulilofanya ni kubadilisha jina la juu. Tuliweka jina la mwalimu wake wa fonetiki, kisha la mjomba wake aliyemlipia karo. Barua ilibaki kuwa kweli kwa wote wawili, isipokuwa sentensi moja inayogusa barua ya mapendekezo. Jaribio hili huchukua dakika moja, na linaonyesha wazi sentensi zipi zinamhusu huyu mtu na zipi zinaelea tu. Tulizipigia mstari zile zinazoelea. Karibu barua yote ikawa na mistari.

Kisha tukaitazama ile sentensi moja iliyobaki: «maneno mazuri uliyoniandikia.» Nilimuuliza kama aliisoma barua ya mapendekezo. Hakuisoma. Mara nyingi barua kama hiyo hutoka kwa mwalimu moja kwa moja hadi kwa mfadhili, na mwombaji haioni. Kwa hiyo alikuwa anashukuru kwa kitu asichokijua, na mwalimu angejua hivyo mara moja. Alichokijua kwa hakika kilikuwa kidogo zaidi: barua iliandikwa wakati wa mitihani, na ilitumwa siku mbili kabla ya muda kwisha. Hayo mawili aliyaona mwenyewe, basi hayo ndiyo aliyoweza kuyataja. Shukrani mahususi haiwezi kuvuka mpaka wa yale anayoyajua mwenye kushukuru.

Baada ya hapo nilimwomba aiweke barua pembeni anisimulie kwa mdomo mambo ambayo Mama Profesa alimfanyia, siku kwa siku. Hapo ndipo maneno yalipokuja. Memwari yake inahusu vibao vya maduka hapa Lubumbashi, jinsi Kiswahili kinavyoandikwa juu yake. Katika rasimu ya sura ya pili alikuwa amehesabu vibao na kupanga makosa ya tahajia kwa makundi. Mwalimu alimrudishia kurasa hizo zikiwa na swali moja pembeni mwa ukurasa wa 14: nani alichagua kuandika neno hivi, mwenye duka au mchoraji wa kibao? Mdogo wetu alirudi sokoni akawatafuta wachoraji sita. Wanne kati yao walimwambia kwamba mwenye duka huwatajia jina kwa mdomo tu, nao ndio huamua herufi. Yale aliyoyaita makosa ya wenye maduka yakawa desturi za uandishi za mafundi wachache. Sura ya tatu yote imetoka katika majibu hayo.

Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia mwalimu habari hiyo. Alimpelekea sura, lakini hakumwambia kwamba ilizaliwa na swali lile.

Rasimu ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza mara tatu. Kila kitu kilitajwa: vitabu viwili alivyoazimwa, mkutano wa Jumamosi, simu iliyopigwa usiku, swali la ukurasa wa 14, alama alizopata katika semina. Ilikuwa mahususi, lakini ilisomeka kama hesabu ya mwisho wa mwezi. Dalili yake ni kwamba nilipoisoma mara moja na kuifunga, sikuweza kusema kiini chake ni kipi. Tulichagua swali la pembeni peke yake, kwa sababu ndilo lililobadilisha kazi. Mengine yalikuwa wema wa kweli, ila yakiwekwa sawa na swali lile yanalifunika.

Rasimu hiyo ilikuwa pia na tatizo ambalo lugha yetu inasaidia kulitambua. Tulihesabu viambishi vya nafsi mwanzoni mwa vitenzi. Vitenzi vyenye *ni-* vilikuwa kumi na kimoja: niligundua, nilifaulu, niliwasilisha, nilipata. Vyenye *u-* vilikuwa vitatu. Barua iliyotaka kumshukuru mwalimu ilikuwa imegeuka ripoti ya mafanikio ya mwanafunzi. Si lazima hesabu ilingane, kwa maana matokeo ya msaada huonekana kwa aliyesaidiwa. Lakini kila *ni-* inafaa iwe imetanguliwa na *u-* iliyoisababisha. Uliniuliza, nikarudi sokoni. Alama za semina hazikuwa na *u-* ya kuzitangulia, tukaziondoa.

Sarufi ilitufaa mahali pengine pia. Neno *msaada* ni jina. Halisemi nani alitenda, kwa ajili ya nani, wala lini. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali kuficha mambo kwa urahisi namna hiyo. *Kuniandikia* kina *-ni-* inayomtaja aliyefanyiwa, na kauli ya kutendea inayoonyesha kwamba tendo lilikuwa kwa ajili yake. *Uliponirudishia kurasa* kinaongeza mtenda na wakati. Kwa hiyo tulichukua kila *msaada*, *mchango* na *ushauri* tukauliza: kitenzi chake ni kipi? Jina ambalo halikupata kitenzi lilifutwa. Vivyo hivyo na «bila wewe nisingefika»: *-nge-* inazungumzia jambo ambalo halikutokea, na hakuna awezaye kulipima. *-li-* inazungumzia lililotokea. Tulihama kutoka *-nge-* kwenda *-li-*. Na «usio na kifani» likaondoka lenyewe, kwa sababu anayesema kitu hakina mfano amejisamehe kazi ya kukieleza.

Tulibishana juu ya mambo mawili. Mimi nilitaka kuondoa «Mungu akubariki», kwa kuwa linafaa kwa kila mtu. Yeye alikataa, na alikuwa na haki. Kwetu, barua kwa mtu aliyekuzidi umri ikiisha bila baraka inasikika kama risiti. Tatizo lilikuwa mahali pake: katika rasimu ya kwanza baraka ilibeba mzigo ambao sentensi nyingine hazikuubeba. Ikija mwishoni, baada ya jambo lenyewe kusemwa, inapata uzito wake. La pili, alitaka kuongeza kwamba ataomba ufadhili tena mwaka ujao na angefurahi kuandikiwa barua nyingine. Hapo mimi sikukubali. Shukrani yenye ombi ndani yake huonekana kama malipo ya mapema, na msomaji hurudi juu kuisoma upya kwa shaka. Ombi litakuwa na barua yake, wakati wake ukifika.

Barua iliyotumwa ilikuwa hii. Katika nafasi ya mada aliandika «Jibu la ufadhili, na asante kwa swali la ukurasa wa 14», mahali palipokuwa na neno «Shukrani» tu.

«Mama Profesa,

Jana nilipokea jibu la ombi langu la ufadhili: sikuchaguliwa. Nimeona ni vema ulisikie kutoka kwangu, kwa sababu uliniandikia barua ya mapendekezo katikati ya mitihani na ukaituma siku mbili kabla ya muda kwisha. Asante kwa kuniandikia.

Kuna jambo lingine ambalo sijakuambia. Uliponirudishia sura ya pili, uliniuliza pembeni mwa ukurasa wa 14 kama neno lilichaguliwa na mwenye duka au na mchoraji. Sikuwa na jibu, nikarudi sokoni kuwauliza wachoraji sita. Wanne waliniambia kwamba wao ndio huamua herufi. Sura ya tatu uliyonayo mezani imetoka katika swali lako hilo. Tangu siku ile, nikiona kibao, nauliza kwanza ni mkono wa nani.

Mungu akubariki, Mama, wewe na jamaa yako.

Mwanafunzi wako»

Jibu la ufadhili liliwekwa juu kwa makusudi. Mwalimu aliyeandika barua ya mapendekezo hungoja matokeo, na mara nyingi hakuna anayemletea. Likifichwa chini, angesoma shukrani zote akijiuliza kama kijana alipata au hakupata. Tena, likitajwa mapema na kwa utulivu, linaonyesha kwamba shukrani haitegemei matokeo. Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali aliloniuliza mwanzo. Mfadhili alikuwa na neno la mwisho juu ya ufadhili. Juu ya ukurasa wa 14 hakuwa nalo.

Kuna msaada ambao hauna ukurasa wa 14. Mwalimu mwingine alituma barua ya mapendekezo kwa wakati, basi, na hakuna zaidi. Hapo sentensi mbili za kweli zinatosha: uliniandikia, uliituma kabla ya siku ya mwisho, asante. Ukimtafutia hadithi kubwa, ataona kwamba umeitafuta.

Mama Profesa alijibu baada ya siku tatu. Alimpa pole kwa ufadhili, akasema kwamba swali lile halikumbuki hata kidogo, na akaomba apigiwe picha ukurasa huo ili aone aliandika nini. Mwalimu huandika mamia ya maneno pembeni mwa kurasa zetu, na hana njia ya kujua ni lipi lilifanya kazi. Habari hiyo iko kwetu tu.