Watu Watatu Ndani ya Mzee Kombo

Kosa hili la kuunganisha wahusika nimelifanya kwenye karatasi, lakini aliyelibeba mbele ya watazamaji ni mwigizaji mmoja mzee aliyenionya mapema. Ndiyo maana naliandika.

Filamu ilikuwa ya Tanga. Zuhura anarudi kutoka Muscat alikokuwa akifanya kazi za nyumbani. Baba yake ameshazikwa, na nyumba yao ya Ngamiani inakaliwa na familia asiyoijua. Filamu nzima ni Zuhura akitafuta nani aliyeiuza. Anamshuku baba mdogo, anamshuku dalali, anamshuku mwenyekiti wa mtaa. Mwisho anagundua kwamba baba yake mwenyewe ndiye aliyeiuza, kwa hiari yake na akili zake timamu, ili amtibu mdogo wake Zuhura. Alimficha binti kwa kuwa alijua angemaliza mshahara wake wote kuikomboa. Kilichonisukuma kuandika ni pale mtu anapokuwa na hasira, halafu anakosa wa kumwangushia isipokuwa marehemu anayempenda.

Mswada wa kwanza ulikuwa na kurasa 104 na wahusika 23 wenye maneno ya kusema. Kwa hesabu ya kawaida ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo urefu haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa watu. Fedha zilipopungua mtayarishaji aliniita akanipa namba: wahusika 9, asizidi hata mmoja. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Mwigizaji wa sini moja naye anasafirishwa kutoka Dar es Salaam, analazwa, analishwa, anatafutiwa mavazi na analipwa.

Nikarudi nyumbani nikachora jedwali. Safu ya kwanza jina la mhusika, ya pili idadi ya sini zake, ya tatu idadi ya mara anazosema. Wenye namba ndogo nikaanza kuwaunganisha mpaka nikafika 9. Kosa lote limo katika safu hizo tatu. Nilipima ukubwa wa kila mtu, sikupima anajua nini, alikijua lini, na anamtakia nini Zuhura.

Jirani wa kike na muuguzi aliyemhudumia baba niliwaunganisha wakawa jirani ambaye ni muuguzi. Huyo alikaa vizuri, na kama ningejiuliza kwa nini, ningejiokoa. Wote wawili waliujua ugonjwa wa nyumbani kwa kina Zuhura. Wote wawili walikuwa wameahidi kunyamaza, na wote wawili walitaka binti asiumie. Ukiwaweka katika mwili mmoja hakuna sini hata moja inayobadilika maana.

Kisha nikamtengeneza Mzee Kombo. Katika mswada wa kwanza walikuwa watu watatu. Muuza kahawa wa barazani alimpa Zuhura uvumi wa mji. Seremala, rafiki wa baba tangu utotoni, alimpa faraja, naye aliamini kabisa kwamba rafiki yake alidhulumiwa. Wa tatu alikuwa shahidi, mzee aliyetia saini kwenye mkataba wa mauziano, ambaye Zuhura anampata ukurasa wa 71 na kusikia kwamba baba alikaa pale pale mezani akasaini kwa mkono wake. Kila mmoja alikuwa na sini chache. Wote walikuwa wanaume wazee wa Ngamiani. Nikaona ni dhahiri: muuza kahawa ambaye ni rafiki wa baba ambaye ndiye shahidi. Nilifurahi hata nikadhani mswada umekuwa bora kuliko wa kwanza, maana sasa siri ilikuwa karibu na Zuhura siku zote.

Siri kuwa karibu ndiko kulikoiua filamu. Shahidi alijua ukweli tangu siku ya mauziano. Muuza kahawa na seremala hawakuujua hata kidogo. Nilipowatia katika mtu mmoja, ujuzi wa shahidi ulirudi nyuma ukaenea katika sini zote za wenzake. Ukurasa wa 14 Mzee Kombo anamwambia Zuhura aende kwa dalali. Alipokuwa muuza kahawa tu, huo ulikuwa msaada wa mtu asiyejua. Sasa ni mtu anayejua jibu na anamtuma yatima kuzunguka na jua. Ukurasa wa 33 anamshika mkono na kusema rafiki yake asingeuza nyumba ile akiwa hai. Seremala aliyasema maneno hayo kwa uchungu wa kweli. Mzee Kombo akiyasema, ni uongo. Sikubadilisha neno hata moja katika sini hizo, na zote ziligeuka.

Siku tulipokaa mezani kuusoma mswada kwa pamoja, mwigizaji wa Mzee Kombo aliinua mkono tulipofika ukurasa wa 14. Akauliza, "Mwandishi, hapa mimi najua au sijui?" Nikamjibu kwamba bado hajui. Akafungua mbele taratibu, akaniambia, "Lakini ukurasa wa 71 nimesaini." Mwongozaji alinitazama. Kila mtu alisubiri nami nikaona aibu kukubali, kwa sababu ratiba ya upigaji ilikuwa imeshatoka na majina yalikuwa yamegawanywa. Nikasema ni jambo dogo, nitalirekebisha usiku.

Nilichofanya usiku ule kilikuwa kibaya kuliko kosa lenyewe. Nilimwandikia Mzee Kombo maneno ya kujieleza: kwamba alisaini bila miwani, akiambiwa ni karatasi za mkopo. Haikuwezekana. Kazi ya sini ya ukurasa wa 71 ni Zuhura kuambiwa na mtu aliyeona kwamba baba yake ndiye aliyeuza. Kama Mzee Kombo hakuelewa alichosaini, hana ushahidi wa kumpa. Kama alielewa, miwani haimsaidii. Kwa hiyo katika sini moja alikuwa anajua na hajui, na mwigizaji alilazimika kuyasema yote mawili ndani ya dakika mbili. Tena maelezo hayo yanakuja baada ya saa nzima ambayo mtazamaji amekaa na mzee huyu. Hukumu ilikuwa imeshatolewa.

Kulikuwa na hasara nyingine niliyoiona kwenye upigaji. Katika mswada wa kwanza muuza kahawa na seremala waligombana mbele ya Zuhura, mmoja akishikilia kwamba nyumba iliuzwa kwa ulevi wa baba mdogo, mwingine akikataa kwa hasira. Mtazamaji aliyajua mambo mengi kutokana na ugomvi ule bila mtu yeyote kumweleza. Watu wawili wakiwa mmoja hawawezi kugombana. Yale yote niliyageuza hotuba ndefu ya Mzee Kombo akimimina kahawa. Mwigizaji alijitahidi nayo, lakini alikuwa anaisimulia filamu badala ya kuishi ndani yake. Hata fedha hazikuokolewa kama nilivyoahidi. Wazee watatu wangeitwa kila mmoja kwa sini zake na kurudi, lakini Mzee Kombo alikuwa katika karibu kila lokesheni, kwa hiyo alikaa Tanga muda mrefu na malipo yake yakapanda.

Lazima niseme pia kinga niliyokuwa naitumia. Mwongozaji alipokuwa na wasiwasi nilimtajia Chernobyl, tamthilia ya mwaka 2019 iliyoandikwa na Craig Mazin. Humo mna mwanasayansi Ulana Khomyuk, aliyeigizwa na Emily Watson, ambaye hakuwahi kuwapo. Amebeba kazi ya wanasayansi wengi waliomsaidia Valery Legasov, na mwisho wa tamthilia watazamaji wanaambiwa hivyo wazi. Nikasema kama wao waliwatia wengi katika mtu mmoja, mimi watatu watanishinda nini? Niliuchukua mfano bila kuusoma. Wanasayansi wale walikuwa wanatafuta jambo moja, yaani kwa nini kinu kililipuka, na wote walikuwa upande mmoja wa ukweli: hawaujui, wanauchimba. Khomyuk anaweza kuwabeba kwa kuwa hakuna kati yao aliyekuwa anaficha kile mwenzake anachokitafuta. Wazee wangu wawili walikuwa wanatafuta, wa tatu alikuwa amekificha.

Dawa ilikuwapo na haikuhitaji mwigizaji hata mmoja wa ziada. Seremala na muuza kahawa wangeweza kuunganishwa. Wote hawajui, wote wanampenda marehemu, wote wanataka Zuhura abaki Tanga asirudi Muscat. Uvumi wa muuza kahawa ungekuwa kitu anachokisikia barazani na kukikataa mwenyewe, na ugomvi wao ningeuhamishia kati ya Mzee Kombo na jirani muuguzi, ambaye anajua zaidi ya anavyosema. Naye kunyamaza kwake kuna sababu ambayo mtazamaji angeikubali, kwa kuwa ameapa kwa mgonjwa.

Shahidi hakustahili kuunganishwa na mtu yeyote, kwa sababu hakustahili kuwa mtu. Mkataba wa mauziano unakuwa na saini ya muuzaji, saini za mashahidi, tarehe, na muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa tayari miongoni mwa wale 9. Angefungua faili, akamgeuzia Zuhura karatasi, naye akaona mwandiko wa baba yake na tarehe ya wakati alipokuwa hai na mzima. Shahidi angebaki jina lililoandikwa chini ya jina la baba. Sini ingekuwa fupi kuliko niliyoiandika, na Zuhura asingepata mzee wa kumkasirikia. Angebaki na mwandiko.

Badala yake nilimpa mtu wa kumchukia. Tulipoonyesha filamu, watazamaji walimngoja Mzee Kombo aadhibiwe. Zuhura alipokwenda kaburini kumsamehe baba yake, ukumbini watu walikuwa bado wanauliza yule mzee mnafiki amekwenda wapi. Mhariri alikuwa amejaribu kuniokoa kwa kuondoa maneno ya ukurasa wa 33, lakini sini ya ukurasa wa 14 hakuweza kuitoa, maana bila hiyo Zuhura hana sababu ya kwenda kwa dalali.

Siku hizi kabla sijaunganisha mtu na mtu naandika kwa kila mmoja mistari mitatu: anajua nini tangu ukurasa wa ngapi, anamtakia nini mhusika mkuu, na nani anazungumza naye ambaye naye yumo katika orodha ya kuunganishwa. Mistari miwili ya kwanza ikigongana, siwaunganishi hata kama mtayarishaji amebana namna gani. Natafuta kwanza kama mmoja wao anaweza kuwa karatasi, simu, au jambo ambalo mhusika mkuu analiona mwenyewe.

Mwigizaji wa Mzee Kombo ameniambia kwamba mpaka leo huko mitaani wapo wanaomwita msaliti. Uliyeiona filamu ile ukamkasirikia, tafadhali umwache. Aliuliza swali sahihi mezani mbele ya watu wote, nami nikamjibu uongo.