Pakiti Moja kwa Ng'ombe Watatu

Kuna siku niliandika habari ya mifugo kufa bila kumuuliza mtu yeyote ng'ombe huyo alipewa dawa kiasi gani. Nilikuwa mgeni kazini, mhariri alitaka maneno mia tatu kabla ya saa kumi, na mia tatu akapata. Nalikumbuka kosa hilo kwa sababu mwaka mmoja baadaye nilikuja kulifanya mwenyewe, sindano mkononi, nyumbani kwa baba mdogo.

Baba mdogo anaishi wilaya ya Pangani, upande wa kusini unaoelekea Saadani. Vichaka ni vingi, nguruwe pori ni wengi, na mbung'o wapo. Kwetu tunasema mbung'o, wengine husema ndorobo. Nzi yule yule anayekunja mabawa yake kama mkasi uliofungwa na kukuuma hata juu ya suruali. Alikuwa na ng'ombe wanane. Nilipofika likizo, watatu walikuwa wamekonda, na aliyeniumiza roho zaidi ni Zawadi, ng'ombe wa maziwa.

Kilichonichanganya ni kwamba Zawadi alikuwa anakula. Mvua zilikuwa zimenyesha, majani yalikuwa tele, naye alikuwa anachunga na wenzake kutwa nzima. Lakini mbavu zilihesabika, mifupa ya nyonga ilichomoza, manyoya yalisimama bila kung'aa, na jioni alirudi wa mwisho. Kukonda kwa njaa nakujua. Huku kulikuwa kukonda kwa ng'ombe anayekula.

"Nagana," akasema baba mdogo, akanipa pesa nikanunue dawa ya njano. Ni unga wa diminazini, unayeyushwa kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kisha unachomwa kwenye nyama. Pesa ilitosha pakiti moja. Nikapiga hesabu ya msomi: mililita 15 za dawa, ng'ombe watatu, basi tano tano. Nilijisikia mtu mwenye haki kabisa.

Wiki ya kwanza Zawadi alichangamka. Nikarudi mjini nikiwa na hadithi ya kusimulia. Wiki ya nne simu ikaja: ameharibu mimba, na sasa hata kuinuka ni shida.

Safari hii tulimwita afisa mifugo. Mama mmoja mfupi, mkimya, alishuka kwenye pikipiki na kwenda moja kwa moja kwa ng'ombe kabla hata ya chai. Alishusha kope ya chini ya Zawadi kwa kidole gumba na kunionyesha ndani. "Hapa panatakiwa pawe pekundu kidogo, kama ufizi wako. Unaona rangi gani?" Niliona weupe wa karatasi. Akafungua mdomo, ufizi nao mweupe. Akapapasa mbele ya bega, akakuta tezi imevimba, nikaishika nami, inateleza chini ya ngozi kama yai dogo. Akauliza kuhusu mkojo. Kama ungekuwa mwekundu angewaza ugonjwa mwingine unaoletwa na kupe. Akasema pia kwamba ndigana kali huvimbisha tezi, na minyoo humaliza damu vilevile, kwa hiyo kope nyeupe peke yake haikwambii ni nagana. Inakwambia tu kwamba damu imepungua.

Akachukua damu, na majibu yalikuja baadaye. Katika kila sehemu mia za damu ya Zawadi, chembe nyekundu zilikuwa 18 tu. Zikishuka chini ya 25 kwa ng'ombe mzima, huo tayari ni upungufu. Katika damu hiyo walimwona kimelea chenyewe akijipindapinda kati ya chembe. Tulikuwa na bahati, maana vimelea hupanda na kushuka ndani ya damu, na siku ya kupima ng'ombe mgonjwa anaweza kuonekana hana kitu.

Kisha akatoa utepe, akamzungushia Zawadi kifuani nyuma ya miguu ya mbele, akasoma: kilo 240. "Dawa hii ni mililita moja kwa kila kilo 20. Piga hesabu." Kumi na mbili. "Wewe ulimpa ngapi?" Tano. Mililita tano ni dozi ya ndama wa kilo 100. Sikuwa na la kusema, na baba mdogo alijifanya anatazama kuku.

Dozi ndogo haiponyi nusu ya ugonjwa, alinieleza. Inaua vimelea vilivyo dhaifu, na vilivyobaki ni vile vinavyoweza kuvumilia dawa. Mbung'o akimuuma ng'ombe huyo anavibeba hivyo hivyo mpaka kwa jirani. Yaani niligawa kwa haki, na nilichogawa ni usugu. Ilinichukua muda kulimeza hilo.

Zawadi alipata mililita 12 kamili, zikagawanywa sehemu mbili, ndani sana kwenye nyama. Baada ya wiki mbili kope ilikuwa na rangi ya waridi hafifu. Lakini dume la kijivu, aliyepewa dozi sahihi siku ile ile, alianza kukonda tena baada ya mwezi. Nikaruka: usugu! Mama yule akanipoza. Dume hilo halijatoka malishoni hata siku moja. Huenda limeumwa upya. Ili kujua kwa hakika ungelifungia mahali pasipo mbung'o na kulipima damu kwa wiki nyingi, jambo ambalo kijijini hakuna wa kulifanya. Kwa hiyo alibadili dawa, akampa ile nyekundu, isometamidiamu. Hiyo ni ya familia nyingine, na ikiwa haijazoeleka kwa vimelea humkinga ng'ombe miezi miwili hadi minne. Alikataa katakata kuwachoma wanane wote ili "wawe salama". Wagonjwa tu, kwa uzito wao, na tarehe iandikwe.

Nilimuuliza kwa nini ana wasiwasi kiasi hicho. Akaonyesha kwa mkono upande wa Mkwaja. Pale palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe tangu miaka ya 1950, katikati ya mbung'o, ikiishi kwa sindano. Dawa ya kukinga ilitumika miaka mingi mpaka vimelea vikaanza kuizoea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliwaogesha ng'ombe kwa deltamethrini, dawa ya kuua nzi, na mahitaji ya sindano yakapungua sana. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake leo ni sehemu ya hifadhi ya Saadani.

Kwa nini nzi wachache kufa kunasaidia hivyo? Mbung'o hatagi mayai kama nzi wa chooni. Jike hulea lava mmoja tu tumboni, na hushusha mmoja kila baada ya siku tisa kumi hivi. Nilipomsikia akieleza hilo nilicheka, maana nilikuwa nimezoea kumchukulia kama jeshi lisilohesabika.

Sasa baba mdogo ana bomba la kupulizia. Deltamethrini ni ghali, kwa hiyo anapulizia miguu na tumbo tu, sehemu ambazo mbung'o hupenda kutua kwa ng'ombe, na anamaliza dawa kidogo zaidi kuliko kumwosha mzima. Ukingoni mwa kichaka amesimamisha vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyolowekwa dawa ileile. Nzi huvifuata rangi. Kimoja kiliibiwa. Anadhani kimeshonwa suruali ya mtoto.

Mwezi uliopita nilimpigia. Akanisomea kwenye daftari: Zawadi kilo 262, kope nzuri, dume la kijivu dawa nyekundu tarehe 14, bado linatazamwa. Kisha akaniuliza kama ile habari yangu ya zamani, ya mifugo kufa, bado ipo mtandaoni. Ipo. Akaniambia niandike tena.