Miezi Kumi na Miwili, Fedha Mbili

Mjomba hunitumia faranga 70,000 kila mwezi kutoka Kabondo-Dianda. Kazi ya kunakili masimulizi ya Kiluba yaliyorekodiwa hunipa 60,000 nyingine, lakini kwa miezi minane tu. Miezi minne hakuna kazi. Kwa hiyo mwaka mzima ni faranga 1,320,000, yaani 110,000 kwa mwezi.

Hiyo 110,000 ndiyo mshahara ninaojilipa. Katika miezi ya kazi napokea 130,000, naweka kando 20,000. Baada ya miezi minane nina 160,000, na ndizo zinazojaza pengo la 40,000 katika kila mwezi usio na kazi. Asiyeweka hizo huanza kukopa unga dukani.

Ugumu uko kwenye ada. Bukari nainunua kwa faranga, lakini ada inahesabiwa kwa dola. Ada yangu ya mwaka ujao ni dola 150. Dola moja ikiwa faranga 2,800, hizo ni 420,000: natenga 35,000 kwa mwezi, nabaki na 75,000 za chumba, chakula na fotokopi. Nikizihifadhi kwa faranga, na dola ikafika 3,000, zitanunua dola 140 tu. Kumi zitakuwa deni. Basi kila baada ya miezi miwili nanunua dola 25, noti ya ishirini na ya tano. Nazikagua kingo kwanza, maana noti ya dola yenye mpasuko mdogo hukataliwa.