Wa Nani?

Kijana mmoja amemposa dada yangu mara mbili, na mara zote jibu la shangazi zetu limekuwa lilelile: si kufu yetu. Kijana ana shahada, ana kazi, anaswali. Rangi yake hawakuitaja, ingawa nilimsikia mmoja akinong'ona habari za nywele za kipilipili. Walichouliza waziwazi ni kwamba baba wa babu yake alikuwa wa nani. Hawakuuliza alikuwa nani. Waliuliza alikuwa wa nani.

Kufu ni neno la fiqhi. Mume awe wa daraja ya mke, na katika kuipima daraja hiyo uhuru na nasaba vinahesabiwa. Hapo ndipo mtumwa wa Unguja alipokwama hata baada ya kuachwa huru. Aliyetekwa bara hakuwa na nasaba iliyotambuliwa mjini. Bwana wake wa zamani ndiye aliyeweza kudai kumrithi, na kuwa walii wa mwanamke aliyemwacha huru. Dikrii ya tarehe 6 Aprili 1897 iliifuta hadhi ya utumwa kisheria, na mtu akaweza kwenda kuomba hati ya uhuru. Hati haikumpa babu.

Masuria waliachwa nje ya dikrii ile mpaka 1909, na kwao ndiko mambo yanakonishangaza zaidi. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alizaliwa huru na kufuata nasaba ya baba. Mama yake Sultani Barghash, yule aliyetia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa mwaka 1873, alikuwa suria wa Kihabeshi. Kwa hiyo mtu mweusi aliweza kuwa Mwarabu kamili, mradi baba ni Mwarabu. Rangi ilikuwa dalili tu ya kukisia asili. Kilichoamua ni upande wa baba. Mtumwa mwanamume hakuwa na njia hiyo. Watoto wake waliitwa wazalia, hatua moja juu ya mjinga, jina la mtumwa aliyefika karibuni kutoka bara kabla halijawa tusi tunalotukanana leo.

Bibi mzaa baba wa shangazi zangu hao hao alikuwa suria. Jina lake lilikuwa Zafarani, jina la kupewa. Nilipomkumbusha shangazi mkubwa, hakukasirika hata kidogo.

"Mwanangu, bibi alizaa na bwana," alisema. "Yule kijana, babu yao alichuma karafuu za watu."

Baba ndiye walii, na mpaka sasa anasema tungoje. Akikataa bila sababu ya kisheria, kadhi anaweza kumwozesha dada badala yake. Dada ana miaka 29. Wiki iliyopita aliniuliza mahakama ya kadhi hufunguliwa saa ngapi.