Malori ambayo meneja wetu hakuyataka

Leo ni habari za uhasibu, msinikimbie.

Kampuni ninayofanyia kazi husafirisha vyakula vya baridi, na imegawanywa katika vitengo, kila kimoja na meneja wake. Zamani meneja alipimwa kwa kugawanya faida ya mwaka kwa mtaji uliomo kitengoni mwake. Chetu (nimelainisha tarakimu) kilikuwa na mtaji wa pauni 1,000,000 na faida ya pauni 250,000, yaani asilimia 25.

Madereva walikuwa wanalia: majokofu ya malori yanazimika njiani. Likaja pendekezo la malori mapya ya pauni 200,000, yatakayoongeza faida kwa pauni 32,000 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 16, na mtaji unaigharimu kampuni asilimia 12 tu. Biashara nzuri, au siyo? Meneja akakataa! Piga hesabu: 282,000 kwa 1,200,000 ni asilimia 23.5. Kampuni ingepata, bonasi yake ingeshuka. Jamani, si mtu mbaya, alifanya kile alicholipwa kufanya. Kwa kipimo hicho hata kuuza lori zima linaloleta asilimia 20 kungempandishia alama.

Wakuu wakahamia kwenye faida baki: chukua faida, toa gharama ya mtaji. Bila malori mapya, 250,000 toa 120,000 inabaki 130,000. Ukiwa nayo, 282,000 toa 144,000 inabaki 138,000. Malori yakanunuliwa mwezi huo huo.

Lakini kipimo hiki nacho kina mtego. Sasa ghala linataka mtambo wa kupoza wa pauni 200,000, utakaoleta taslimu 60,000 kila mwaka kwa miaka 5. Ukitoa uchakavu wa 40,000, faida ni 20,000. Mwaka wa kwanza gharama ya mtaji ni 24,000, kwa hiyo faida baki ni hasi 4,000. Mwaka wa tano thamani ya mtambo vitabuni ni 40,000 tu, gharama yake 4,800, na faida baki inafika 15,200. Mtambo ni ule ule, taslimu ni zile zile! Kwa thamani ya leo, kwa asilimia 12, taslimu hizo zote zina thamani ya kama 216,000, kwa hiyo unafaa kununuliwa. Ila meneja anayehamishwa mwakani ataonja ile hasi tu, utamu atakula mwenzake.

Kipimo cha zamani kingekuwa kibaya zaidi hapo: asilimia 10 mwaka wa kwanza, 50 mwaka wa tano. Ndiyo maana wenye mitambo mikuukuu huonekana mabingwa.

Mhasibu wetu anataka uchakavu uanze mdogo na kukua kila mwaka, ili ile hasi ya mwanzo iondoke. Bado wanabishana. Nyie mlioko Dubai, Muscat au nyumbani, mameneja wenu wanapimwaje?