Ni yupi kati yao?

Binti wa miaka 28 anajisajili kwenye programu ya simu ya kutafuta mchumba na kuweka picha tano. Ya kwanza ni ya sendofu ya rafiki yake, wasichana sita ndani ya sare ya kitenge kimoja. Ya pili yuko ufukweni na wenzake watatu, ya tatu wamekumbatiana na dada yake. Mbili za mwisho yuko peke yake: moja ana rasta ndefu, nyingine amevaa wigi fupi na miwani ya jua.

Kwake yeye hakuna fumbo hapo. Kaka anayezitazama anafanya kazi nyingine kabisa. Anatafuta sura inayojirudia, na dada mtu yumo katika zote tatu za mwanzo. Zile mbili za peke yake zingemsaidia, ila kwa macho yake hao ni wanawake wawili tofauti. Basi anamchagua aliyempenda zaidi na kuanza kuandika ujumbe. Siku ya kukutana, soda haijafunguliwa, binti anaona macho ya mgeni wake yakimtafuta mwingine. Hilo linauma, na hakuna aliyedanganya.

Sura tunayoizoea, ubongo huitambua hata ibadilishwe nywele na mwanga. Sura ngeni hutupotea kirahisi. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza waliwapa watu picha 40 za wanawake wawili maarufu wa Uholanzi, 20 za kila mmoja, wazipange mafungu kulingana na mtu. Waingereza wasiowajua kwa kawaida walitoa mafungu saba au nane. Waholanzi waliowafahamu kwa kawaida walitoa mawili tu. Picha zilikuwa zilezile.

Ndiyo maana kumuuliza mama au shoga yako kama picha zinaeleweka hakusaidii. Wao ni Waholanzi.

Wapo wanaojitetea kwamba kundi hupendezesha sura. Utafiti wa Marekani wa 2014 uliona hivyo kweli, lakini nyongeza ilikuwa ndogo, na watazamaji walionyeshwa ni sura ipi waipime. Kwenye simu hakuna anayemwonyesha mtazamaji.

Binti huyu hahitaji kufuta marafiki wote. Ile ya rasta, kama ndizo alizonazo sasa, iwe ya kwanza: uso mzima, mwanga wa mchana, bila miwani. Ya pili awe tena peke yake, nywele zilezile, amesimama mwili mzima. Picha ya kundi ibaki moja, ije baada ya hizo, na ya dada mtu iondoke. Kisha ampe simu mtu asiyemfahamu, labda rafiki wa mfanyakazi mwenzake, naye binti asiwepo pale. Aulizwe tu, mwenye picha hizi ni yupi kwenye kundi? Akisita, au kidole kikienda kwa mwingine, hiyo nayo itolewe.